Anza na basi, si kengele

Basi la shule hupita kwetu Mbagala saa 12:20 asubuhi. Zamani nilikuwa napanga kuanzia saa ya kuamka, na kila siku tulilikimbilia. Sasa nahesabu kurudi nyuma.

Kwanza nilipima kwa siku tatu, bila kubadilisha chochote. Kuamka na kwenda chooni, dakika 10. Kuoga na kuvaa, 20. Uji, 15. Viatu, ambavyo nilidhani ni dakika 2, vilikula 10, kwa kuwa kimoja hakionekani kamwe! Jumla 55. Nikaongeza 10 za ajali, maana uji humwagika. Hivyo watoto huamshwa saa 11:15. Mimi huamka dakika 20 kabla yao, nioge na kuvaa kwa utulivu.

Lakini sikuamka mapema zaidi ya hapo. Kilichobaki nilikihamishia usiku: sare juu ya kiti, viatu mlangoni, uji kwenye chupa ya chai saa nitakayolala.

Mtoto akiugua usiku, ratiba hufa. Siku hiyo huoshwa uso tu, na uji hunywewa njiani.