Orodha Imekuja kwa CSV

Tuseme katibu wa SACCOS ameomba orodha ya wanachama katika Excel, yenye namba za simu na za NIDA. Fundi anayetunza mfumo wao anamtumia faili la CSV. Katibu analibofya mara mbili, linafunguka, naye anaona namba zimeharibika. Simu iliyoanza na 0712 sasa inaanza na 712, na namba ya NIDA imegeuka kitu kama 1.98E+19. Hapo lawama zote humwendea fundi.

Faili lenyewe ni zima. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, bila maelezo kwamba safu fulani ni namba ya kuhesabia na nyingine ni utambulisho tu. Excel ikilifungua hukisia. Ikiona tarakimu tupu huzichukulia kuwa hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani, kwa hiyo inaiondoa. La NIDA ni baya zaidi: namba hiyo ina tarakimu 20, ilhali Excel huhifadhi 15 tu. Zikiandikwa bila vistari, tano za mwisho hugeuka sifuri, na katibu akihifadhi faili zimepotea moja kwa moja.

Kwa hiyo faili lisitumwe peke yake. Mimi ningeandika hivi:

"Ndugu Katibu, salaam. Uliomba Excel, nami nimekutumia CSV kwa sababu mfumo wenu hutoa orodha kwa namna hiyo, na sikutaka namba zibadilike mikononi mwangu. Tafadhali usilibofye mara mbili. Lipakue kwenye kompyuta, fungua Excel ikiwa tupu, nenda `Data`, kisha `From Text/CSV`, uchague faili. Kabla ya kubonyeza `Load`, penye `Data Type Detection` chagua `Do not detect data types`. Ukimaliza, hifadhi kama `.xlsx`. Ikiwa umeshalifungua vinginevyo, funga bila kuhifadhi, upakue upya kutoka kwenye barua pepe hii."

Sentensi ya kuhifadhi kama `.xlsx` isiachwe. Akihifadhi tena kwa CSV, kesho mhasibu atabofya mara mbili na sifuri zitatoweka upya.

Katibu anaweza kuhakikisha mwenyewe kwa kutazama tu: namba zilizoingia kama maandishi hukaa upande wa kushoto wa kisanduku, na zilizochukuliwa kuwa hesabu husogea kulia. Kisha alinganishe namba ya NIDA ya mwanachama mmoja na kitambulisho chake, hasa tarakimu tano za mwisho.

Kuna tatizo moja ambalo maelezo mazuri hayalitibu: watu wengi hubofya kiambatisho kabla ya kusoma barua. Ndiyo maana onyo liwekwe kwenye kichwa cha barua pepe, na hata katika jina la faili: `soma-barua-kwanza.csv`.