UZI: Umaskini na ukuaji wa uchumi. Usome nini kwanza, ubishane nini mwisho

1/ Kila msimu wa siasa swali ni lile lile: kama uchumi umekua, mbona mwananchi hajahisi? Jumamosi nilikuwa nyumbani Tetu, pale kituo cha majani chai, na wazee wawili karibu washikane mashati juu ya hilo. Mmoja alisema takwimu zinaonyesha umaskini umepungua. Mwingine akamjibu, "Takwimu haziliwi."

2/ Semina ya uzamili ninayofundisha huanzia hapo hapo. Wanafunzi wangu hupenda kurukia mabishano makubwa kabla ya kujua kinachopimwa ni nini. Kwa hivyo orodha yangu ya kusoma ina ngazi nne, na kila ngazi ina swali lake. Leo nawapa bure. Twende.

3/ NGAZI YA KWANZA: maskini ni nani? Soma ripoti ya KNBS ya utafiti wa familia wa 2015/16. Mstari wa umaskini mashambani ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi, na mjini 5,995. Kinachohesabiwa si mshahara. Ni matumizi, pamoja na chakula ulichotoa kwa shamba lako mwenyewe.
Swali: aliye na shilingi 3,300 ametoka kwa umaskini kweli, ama amevuka tu mstari?

4/ NGAZI YA PILI: tunapima vipi? Hapa kuna makala moja tu, ya Foster, Greer na Thorbecke, 1984. Wengi hawajui kwamba mfano wa hesabu yao ulitoka kwa familia za Nairobi. Usiogope alama za hesabu, tutaifanya kwa watu watano wa kijiji cha kubuni huku Tetu.

5/ Matumizi yao kwa mwezi: kibarua wa kuchuma chai 1,200. Mama mboga 2,600. Wa bodaboda 3,200. Mkulima wa chai 5,000. Mwenye duka 8,000. Jumla ni 20,000, wastani 4,000. Watatu wako chini ya 3,252, kwa hivyo kiwango cha umaskini ni asilimia 60.

6/ Sasa uchumi wa kijiji ukue kwa asilimia 10, yaani shilingi 2,000 zaidi. Angalia zinaenda wapi.
a) Zote kwa mwenye duka: umaskini unabaki asilimia 60.
b) Shilingi 60 kwa wa bodaboda, 1,940 kwa mwenye duka: wa bodaboda anafika 3,260. Umaskini umeshuka hadi asilimia 40!
c) Zote kwa kibarua: anafika 3,200. Umaskini bado ni asilimia 60.

7/ Soma tena b na c. Kwa b, mwanasiasa ataita wanahabari na kusema amepunguza umaskini kwa theluthi moja, na hajadanganya. Kwa c, maisha ya aliye chini kabisa yamebadilika kabisa na takwimu imenyamaza.

8/ Ndiyo maana wale watatu walileta kipimo cha pili: kina cha umaskini. Unachukua upungufu wa kila maskini hadi mstari, unaugawanya kwa mstari wenyewe, halafu unagawanya jumla kwa watu wote. Kijiji chetu kilianza na karibu asilimia 17. Kwa b kinabaki karibu pale pale, 16.6. Kwa c kinashuka hadi chini ya 5.
Swali: ukisikia "umaskini umepungua", ni kiwango ama ni kina?

9/ NGAZI YA TATU: ukuaji unawafikia? Soma makala mawili pamoja. Dollar na Kraay, 2002, walilinganisha nchi nyingi wakaona kwamba, kwa wastani, pato la watu wa tano la chini hukua kwa kasi moja na pato la nchi. Bourguignon, 2003, anaonyesha kwamba ukuaji ule ule hupunguza umaskini kidogo zaidi pale ambapo pengo la walio nacho na wasio nacho lilikuwa kubwa tangu mwanzo.

10/ Kumbuka kasi moja si pesa sawa. Asilimia 10 ya kibarua ni shilingi 120. Ya mwenye duka ni 800. Wote wamekua "sawa".
Swali: unaposema ukuaji "umegawanywa sawa", unamaanisha asilimia ama shilingi?

11/ Hapo ongeza Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965. Ulisema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye udongo mzuri, mvua, barabara na umeme. Miaka 50 baadaye, 2015/16, umaskini Nyeri ulikuwa asilimia 19.3, Turkana 79.4.
Usikimbilie jibu. Nyeri ilikuwa na mvua, shule na barabara kabla ya 1965, kwa hivyo tarakimu hizo mbili pekee haziwezi kuhukumu waraka.
Swali: ungehitaji kulinganisha nini na nini ndiyo ujue athari yake?

12/ Na watu wa mlimani tusijipige kifua. 19.3 ni karibu mtu mmoja kwa watano. Kwa mjadala wa kugawa pesa za kaunti, wengine hutaka zifuate idadi ya watu, wengine zifuate umaskini. Kaunti yenye kiwango kidogo lakini watu wengi inaweza kuwa na maskini wengi kuliko yenye kiwango kikubwa na watu wachache. Uliza kila mara: kiwango ama idadi?

13/ NGAZI YA NNE: mabishano. La kwanza ni la kwetu. Colin Leys, 1975, alisema uchumi wa Kenya umefungwa na mtaji wa nje na hautaweza kukua kwa nguvu zake. Michael Cowen, aliyefanya utafiti Magutu, hapa hapa Nyeri, aliona chai na maziwa yakiimarisha uzalishaji wa familia ndogo. Mwaka wa 1978 Leys mwenyewe alibadilisha msimamo. Wape wanafunzi maandiko yote mawili.
Swali: ni ushahidi gani ungekufanya wewe ubadilishe wako?

14/ La pili ni la Siaya. Egger na wenzake, 2022, walichunguza kilichotokea baada ya familia zaidi ya 10,000 kupewa takriban dola 1,000 kila moja. Kila dola iliongeza karibu 2.5 kwa uchumi wa eneo, na bei hazikupanda sana. Hata majirani ambao hawakupewa walifaidika, kwa sababu pesa zilizunguka madukani.
Lakini pesa zile zilitoka nje.
Swali: zingetoka kwa kodi ya majani chai yako, hesabu ingebaki ile ile?

15/ Nikirudi kwa wazee wetu: wote wawili walikuwa sahihi. Wa kwanza alisoma kiwango, kilichoshuka kutoka asilimia 46.6 mwaka wa 2005/06 hadi 36.1 mwaka wa 2015/16. Wa pili alikuwa anaongea juu ya kina, na juu ya yule kibarua anayemlipa kwa kilo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anapima nini.

16/ Ukifuata orodha hii, usiruke ngazi ya pili. Chukua karatasi, andika watu watano wa kijiji chako, gawa shilingi 2,000 kwa njia tatu, halafu uje hapa chini utuambie ni njia gani ingekushindia kura na ni gani ingemsaidia aliye chini kabisa. Kama ni moja, nitafurahi kuiona.