Bibi Akilala, Sungura Bado Yuko Juu ya Mbuyu

Sungura amebanwa juu ya mbuyu, Simba yuko chini ananguruma, na bibi anasimulia: “Basi Sungura akamnong’oneza Buku, ‘Nifunge ndani ya majani haya makavu, halafu mwambie Simba…’” Hapo sauti inakatika. Wajukuu watatu waliojipanga kitandani wanasubiri. Bibi anavuta pumzi ndefu, anaendelea kidogo: “…mwambie aufunike ule unga, mende wasiingie.” Kisha kimya, na baada ya kimya, mkoromo.

Mambo haya hutokea karibu kila nyumba yenye bibi na wajukuu, na kila hatua yake ina sababu. Bibi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa tatu usiku amekwisha kukaa macho saa kumi na sita. Zaidi ya hayo, saa ya mwili wa mtu mzima sana husogea mbele: usingizi humjia mapema kuliko ulivyomjia akiwa kijana, na humwacha mapema pia. Mweke mtu huyo alale chali gizani, asimulie kwa sauti ya chini kisa anachokijua kwa moyo, halafu mtarajie afike mwisho.

Ule unga nao haukuingia hadithini kwa bahati. Usingizi unapoanza, mdomo unaweza kuendelea kuunda sentensi iliyonyooka huku akili imeshaachia maana yake, na shughuli za mchana zikajipenyeza mahali palipobaki wazi. Emil Kraepelin, daktari Mjerumani wa magonjwa ya akili, alichapisha mwaka 1906 mkusanyiko wa maneno ya namna hii, mengi yakiwa yake mwenyewe. Kwa hiyo mjukuu mwenye masikio mazuri hangoji mkoromo. Husikia maneno yakianza kupungua mwendo, kisha husikia kitu kisicho cha porini kikiingia porini, naye hujua kwamba msimulizi ameondoka.

Anaweza kumgusa bega. Bibi atajibu mara moja, “Sijalala, nasikia!” Wala hasemi uongo. Mtu akiamshwa katika dakika za mwanzo kabisa za usingizi mwepesi, mara nyingi hukana kwamba alikuwa amelala, kwa kuwa kwake yeye hakuna kilichokatika. Ila akiulizwa Sungura yuko wapi, hakumbuki.

Basi kazi inabaki kwa watoto. Ili kuona wanavyoifanya, inafaa kwanza kukijua kisa chenyewe. Ni hadithi ya zamani ya Unguja. Askofu Edward Steere aliichapisha katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili mwaka 1870, na wasimulizi wake walikuwa wenyeji wa kisiwa hicho. Sungura anamwita Buku, yule panya mkubwa, wakale asali iliyo juu ya mbuyu. Wanapanda na majani makavu ya kuchoma ili moshi uwafukuze nyuki. Simba, ambaye asali ni yake, anatokea. Sungura anafungwa ndani ya majani, Buku anamwomba Simba asogee kando kwa sababu anatupa takataka chini, mzigo unaanguka, Sungura anachomoka na kukimbia. Buku anaposhuka, analiwa.

Siku nyingine Sungura anarudi na Kobe. Safari hii wanakamatwa wote wawili, na kila mmoja anamfundisha Simba namna ya kumla: mimi nishike mkia unizungushe, mimi nisugue kwenye tope mpaka gamba litoke. Wote wanaponyoka. Mwisho Simba anajificha ndani ya nyumba ya Sungura. Sungura anaona nyayo mlangoni, anaisalimu nyumba kwa sauti, nyumba haijibu. Anashangaa kwa sauti vilevile: mbona kila siku huitika? Simba anaitika, na Sungura anatimua mbio.

Tuwafuate sasa watoto wetu watatu. Wa kwanza kudaka ni mkubwa, wa miaka kumi. Anaichukua sentensi palepale ilipoachwa: mwambie Simba asogee, natupa majani. Hapotei, kwa sababu bibi amemwachia hila iliyoanza. Majani yameshatajwa, Sungura yumo ndani yake, kilichobaki ni kuyaangusha. Laiti bibi angelala sentensi mbili kabla, wakati Simba ndiyo kwanza anauliza nani yuko juu, mtoto angelazimika kuikumbuka hila yenyewe, na hapo wengi humrukisha Sungura tu kutoka mtini.

Wa pili, wa miaka saba, anaipokea kwa pupa. Sungura ameshakimbia, ameshafika nyumbani, ameisalimu nyumba, Simba ameitika, kwisha! Kobe ametupwa nje mzima mzima, na nyayo mlangoni hazikutajwa. Upungufu huu ni wa kawaida katika umri wake. Mtoto wa miaka saba hukumbuka vizuri nani alifanya nini. Kinachomponyoka ni kwa nini alifanya. Dada yake anamuuliza, “Sungura alijuaje kuna mtu ndani?” Anafikiri kidogo, kisha anarudi nyuma na kuziweka nyayo mahali pake.

Wa tatu ana miaka minne na amekuwa kimya. “Na Buku?” anauliza. Wakubwa wote wawili wamemsahau juu ya mbuyu.

Huyu mdogo hawezi bado kuisimulia hadithi yote. Akiachiwa, atapanga matukio bila mwisho: akaja chui, kisha akaja ng’ombe, kisha wakala wali. Lakini anahesabu watu. Anajua nani alipanda, na asiyeshuka humsumbua. Mkubwa anakumbuka kwamba Buku analiwa, anamtazama mdogo wake, anaamua kwamba Buku alishukia upande wa pili.

Kinachowawezesha kufika mbali hivi ni mpangilio waliousikia mara nyingi katika hadithi nyingine: mdogo anabanwa na mkubwa, anatafuta hila, hila inafaulu, hatari inarudi kwa sura nyingine. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani Jean Mandler aliwasimulia watoto na watu wazima hadithi mbili zilizochanganywa, kipande cha hii kikifuatwa na kipande cha ile. Walipoombwa kuzirudia, watoto walielekea kuzitenganisha kila moja kwa mpangilio wake wa kawaida, hata zaidi ya watu wazima. Mpangilio wa hadithi uliokwishakaa kichwani uliwatawala kuliko ule waliousikia punde.

Lakini mpangilio huo hauwapi kila kitu. Hauwaambii kwamba majani yalipandishwa mbuyuni kwa ajili ya moshi. Hilo ni jambo la hadithi hii peke yake. Asiyelisikia bibi akiwa macho hulitafutia maelezo mengine, kwa mfano kwamba Sungura alikuwa akijenga kiota. Bibi anayetaka kujua wajukuu wamebeba nini, kesho yake usiku awaite kwa “Paukwa!”, wakimjibu “Pakawa!” awaulize jana tulifika wapi, kisha awaulize yale majani yalitoka wapi. Wakitaja nyuki, wanayo hadithi. Wakitaja kiota, aanzie chini ya mti. Na kuhusu Buku ajiandae kwa ubishi, maana mdogo ameshaambiwa kwamba yuko hai.