Dele Lizunguke, Taa Itulie: Kuagiza Video ya Bidhaa kwa Akili Mnemba

Anayeuza vitu kwa simu anaijua vizuri video hii: bidhaa moja imesimama katikati, nyuma yake hakuna kitu ila rangi tupu, nayo inazunguka polepole mpaka mteja ameiona pande zote. Kuipata kulihitaji studio, taa na kisahani cha kuzungushia. Siku hizi programu za akili mnemba kama Kling, Runway na Veo huitengeneza kwa kupewa picha na maelekezo ya maneno machache. Mtu hudhani hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, maana hakuna anayetembea wala anayezungumza. Ukweli ni kwamba kitu kimoja kikizunguka peke yake mbele ya macho, kila kosa la programu huonekana.

Tuchukue mfano wa dele la kahawa la shaba. Lina mdomo mrefu upande mmoja na kishikio upande wa pili, tumbo lake ni la mviringo, limechongwa nakshi na limesuguliwa mpaka linang'aa. Mdomo na kishikio vitatuonyesha kama limezunguka sawasawa. Tumbo litatuonyesha kama taa imetulia.

Ukiandika tu "zungusha dele hili nyuzi 360", programu inaweza kukuelewa kwa namna mbili. Huenda ikalizungusha dele mbele ya kamera iliyosimama, na huenda ikaipeleka kamera ilizunguke dele lililosimama. Kwa kuwa nyuma ni rangi tupu, mtazamaji wa haraka haoni tofauti. Tofauti iko kwenye mwanga, na hapo ndipo video nyingi za namna hii huharibikia.

Fikiria taa moja imewekwa juu, upande wa kushoto. Dele likizunguka na taa ikiwa imesimama, ule mng'ao mweupe kwenye tumbo hubaki palepale kwenye kioo cha simu yako. Zinazosogea ni nakshi: zinaingia kwenye mng'ao, zinang'aa, kisha zinatoka. Kivuli cha tumbo nacho hakihami, ila kivuli cha mdomo hubadilika kadiri mdomo unavyogeuka. Kamera ikiwa ndiyo inayozunguka, mng'ao huhama na kivuli huenda upande mwingine, na kuna wakati dele lote huwa giza kwa sababu tumefika upande usiopata taa. Namna ya tatu ndiyo mbaya zaidi: mng'ao unaganda juu ya nakshi na kuzunguka nazo kana kwamba umepakwa rangi. Hakuna taa duniani inayofanya hivyo, na jicho la mteja hushtuka hata kama hajui kimemshtua nini.

Kwa hiyo maelekezo mazuri huanza na vitu visivyosogea. Taja kamera, kisha kitu na mwendo wake, kisha mandhari ya nyuma, na umalizie na taa. Programu nyingi huelewa Kiingereza vizuri zaidi, ndiyo maana nayaandika hivi:

```
Static locked-off camera at eye level. One brass coffee pot
stands centered on a matte grey turntable. It makes one slow
full turn in place at constant speed: the spout starts at
right, comes toward the camera, passes to the left, goes
behind and returns to the right. Seamless light grey
background. Soft studio light fixed at upper left; the
highlight stays in the same spot. Only the pot moves.
```

Sentensi ya kwanza inaifunga kamera. Ile ya tatu inaonyesha njia ya mdomo hatua kwa hatua, badala ya kusema tu "kwa mwendo wa saa", kwa sababu mwendo wa saa ukitazamwa kutoka juu ni kinyume chake ukitazamwa kutoka chini, na programu huchanganya. Mdomo unaotoka kulia, ukaja kwa kamera, ukapita kushoto, una njia moja tu. Sehemu ya mwisho inaisimamisha taa kwa kutaja mng'ao wenyewe, yaani kile kitakachoonekana.

Maneno ya kukataza yaepuke ndani ya maelekezo. Ukiandika "kamera isisogee", baadhi ya programu hulishika neno la kusogea na kuliacha lile la kukataza, nawe ukapata usichokitaka. Sema "kamera imesimama". Kling ina kisanduku cha peke yake cha kuandika usiyoyataka, na humo ndimo makatazo yanapofaa. Epuka pia maneno ya kupamba kama `cinematic`, `dynamic` na `dramatic`. Yanasikika mazuri, lakini huita kamera inayotembea na taa inayobadilika, kinyume kabisa cha tunachokitafuta.

Muda nao una hesabu yake. Programu hizi mara nyingi hutoa vipande vya sekunde 5 hadi 10. Mzunguko mzima kwa sekunde 5 ni nyuzi 72 kila sekunde, kasi ambayo haimpi mteja nafasi ya kuziona nakshi. Kwa sekunde 10 ni nyuzi 36 kila sekunde, na huo ndio mwendo wa kustarehesha kutazama.

Hata maelekezo yakiwa kamili, kuna jambo maneno hayawezi kulitatua. Ukiipa programu picha moja ya dele, inajua upande mmoja tu. Upande wa nyuma itaubuni. Itachora nakshi zinazofanana na za mbele, itaondoa ule mbonyeo ulio karibu na kishikio, na pengine itaongeza kishikio cha pili. Mfuniko wenye bawaba unaweza kurudi bila bawaba. Hii si hitilafu ya siku moja ambayo utaiondoa kwa kujaribu tena. Programu haijawahi kuuona upande huo, na kila ukijaribu itabuni upya.

Dawa yake ni picha nne. Weka dele juu ya sahani tambarare na ubandike alama nne za utepe ukingoni mwake, kila robo moja. Simu iwe juu ya kishikilia chake na isiguswe tena. Bonyeza kioo cha simu kwa muda mpaka ifunge umakini na kiasi cha mwanga, la sivyo kila picha itakuwa na weupe wake. Mwanga wa dirishani wenye pazia jeupe unatosha, ila piga picha zote mfululizo kabla wingu halijapita. Kwa kuwa shaba ni kama kioo, simamisha karatasi nyeupe pembeni, vinginevyo tumboni mwa dele ataonekana mpiga picha. Kisha geuza sahani: mdomo kulia, mdomo kwa kamera, mdomo kushoto, mdomo nyuma. Picha ziwe na umbo lilelile la video unayoitaka, la wima au la mlalo.

Kling na Luma ni miongoni mwa programu zinazokuruhusu kuweka picha ya mwanzo na picha ya mwisho, nazo zikajaza mwendo wa katikati. Mtu huvutiwa kuweka picha ileile mwanzo na mwisho, akitumaini kupata mzunguko mzima. Programu ina njia rahisi zaidi ya kumridhisha: inalitikisa dele kidogo na kulirudisha lilipokuwa. Wengine huweka mbele na nyuma tu. Hapo programu haijui ipite upande gani, na huweza kuuzamisha mdomo ndani ya tumbo na kuuchomoza upande wa pili. Kwa robo moja tu hatari hiyo hupungua sana, maana kutoka mdomo kulia hadi mdomo kwa kamera njia fupi ni moja.

Basi tengeneza vipande vinne vya sekunde 5. Maelekezo ni yaleyale, isipokuwa sentensi ya mwendo. Ya kipande cha kwanza iwe `a quarter turn at constant speed: the spout moves from the right toward the camera`, na nyingine zifuate njia hiyo. Ukiviunga utapata sekunde 20, na ukiviendesha kwa kasi maradufu utapata zile sekunde 10 tulizozihesabu.

Kwenye viungo pana kazi ndogo ya mkono. Fremu ya mwisho ya kipande cha kwanza ndiyo fremu ya kwanza ya cha pili, hivyo futa moja, la sivyo dele litakwama kidogo. Tena programu hupenda kuanza polepole na kumaliza polepole. Kwa vipande vinne, mtazamaji ataona dele linavuta pumzi kila robo. Kata fremu chache za mwanzo na mwisho wa kila kipande, zile ambazo mwendo umekaribia kusimama, mpaka kasi ilingane.

Kabla ya kuitoa video, ikague ikiwa imesimamishwa, si ikiwa inakimbia. Bandika vipande viwili vya utepe kwenye kioo, kimoja kila upande wa kitako cha dele. Kitako ni cha mviringo, kwa hiyo kisitoke nje ya alama hizo wala kisipungue katika mzunguko wote. Kikitoka, dele linayumba au kamera inasogea. Tazama mng'ao kama uko palepale. Hesabu vishikio. Kisha angalia nakshi, au maandishi kama bidhaa ina lebo, pale zinapopinda kuingia upande. Hapo ndipo herufi huyeyuka na kuwa mikwaruzo isiyosomeka, hata kama mbele ziko safi.

Maandishi madogo hasa yana ukomo wake. Picha nne hazionyeshi pembe za katikati, na kati ya robo na robo programu bado inakisia. Kikombe cheupe, chungu au dele lenye nakshi zinazojirudia vitapita bila shida. Chupa ya dawa, simu ya mtumba au kitu cha thamani chenye alama ya fundi havifai. Kwa vitu hivyo tumia sahani ileile yenye utepe, ongeza alama, na upige picha 36 halisi, moja kila nyuzi 10. Programu yoyote ya kuhariri video itaziunga ziwe mzunguko, na hakuna hata fremu moja itakayokuwa imebuniwa.

Mnunuzi wa mbali hana mikono ya kuligeuza dele lako. Anachokiona kwenye video ndicho anacholipia. Muuzaji, usimwonyeshe upande ambao haupo: kama huna picha ya nyuma, ipige leo kabla hujaandika neno moja la maelekezo.