Huzuni Katika Ujauzito: Maswali Mawili ya Mkunga

Mama mwenye mimba ya miezi sita alifika kliniki akilalamikia uchovu na kukosa usingizi. Dalili hizo pekee hazitoshi kubainisha sonona, kwani mimba yenyewe huzileta. Hivyo mkunga alimwuliza faraghani: je, katika mwezi uliopita umesumbuliwa mara kwa mara na huzuni au kukata tamaa? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Mama alikiri yote mawili; hata nguo za mtoto hakutaka kuzitazama. Akapewa rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Huzuni au wasiwasi unaodumu wiki 2, karibu kila siku, wahitaji uchunguzi. Mawazo ya kujidhuru hayangoji: mama asiachwe peke yake, ahudumiwe siku hiyo hiyo.