Kope Inayozama Ndani ya Jicho

Mfumbishe mhusika wa gemu jicho polepole, kisha msimamishe akiwa nusu njia. Ukiona weupe wa jicho umetokeza nje ya kope, kuna uwezekano mkubwa kwamba kope hiyo inasogezwa kwa maumbo, si kwa viungo.

Umbo ni nakala ya uso uleule uliofinyangwa upya: anatabasamu, au amefumba macho. Kompyuta huhifadhi umbali ambao kila nukta ya ngozi imesogea, kisha huivuta nukta hiyo kwa mstari ulionyooka. Lakini jicho ni tufe. Tuseme nusu kipenyo chake ni milimita 12, na kope inateremka nyuzi 60. Ikipita njia ya mkato, nusu ya safari ukingo wake utakuwa milimita 10.4 kutoka katikati ya tufe, yaani umezama milimita 1.6. Wengi hutia kiraka: umbo jingine la jicho lililofumba nusu.

Kiungo hakihitaji kiraka hicho. Unakiweka katikati kabisa ya jicho, unaifunga ngozi ya kope kwake, kisha unakizungusha, na ukingo unafuata duara. Jasho linatoka kwenye kugawa uzito. Nukta za ukingoni zikifuate kiungo kikamilifu, na kadiri unavyoikaribia nyusi uzito upungue hadi sifuri. Usipoupunguza, kila akipepesa, nyusi nazo zinashuka. Kiungo kimoja kwa kope nzima pia hakitoshi, maana kinaziburuta pembe za jicho. Mimi huweka vitano kando ya ukingo, vyote vikizunguka katikati ileile ya jicho.

Kisha kuna kumbukumbu. Uso wa nukta 5,000 wenye maumbo 52, idadi inayotumiwa na ARKit ya Apple, ukitumia baiti 24 kwa kila nukta, unakula megabaiti 6 hivi kabla ya kubanwa. Kwa viungo, kila nukta hukumbuka viungo vinne na uzito wake: baiti 8, jumla kilobaiti 40. Miondoko yenyewe huhifadhiwa kando, lakini wanakijiji thelathini wenye viungo vilevile wanaweza kuitumia kwa pamoja, hata kama nyuso zao zina idadi tofauti ya nukta. Kwa gemu ya simu yenye umati, sioni sababu ya kuanzia kwingine.

Mdomoni mambo hugeuka. Mhusika akitamka “pu”, midomo hujikunja kwa ndani, hubanana, kisha huchomoza. Viungo huifanya ionekane kama mpira uliopungua upepo. Hapo mkono wa mfinyanzi ndio unaojua nyama inakwenda wapi. Half-Life 2 ya 2004 iliziendesha nyuso zake kwa maumbo yaliyofuata uainishaji wa misuli ya uso wa Paul Ekman, nayo ni gemu ambayo kamera husimama karibu na anayezungumza. MetaHuman ya Epic inachanganya vyote viwili: viungo hubeba mwendo, maumbo hurekebisha. Mhusika mkuu wangu hupata viungo kwanza, kisha maumbo machache ya midomo na mikunjo ya pua. Wanakijiji hawapati hata moja.