Udhibiti wa Damu katika Mvunjiko wa Pete ya Nyonga: Nafasi ya Shuka katika Chumba cha Majeruhi

Makala haya yanafafanua hatua za awali za kumhudumia majeruhi aliyevunjika pete ya nyonga. Hoja kuu ni kwamba shuka iliyokunjwa huweza kupunguza uvujaji wa damu, mradi ifungwe mahali sahihi na mapema.

Nyonga huunda pete. Inapofunguka kwa mbele, nafasi ya ndani huongezeka na damu hujikusanya humo bila kuonekana. Sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka kwenye vena na kwenye mifupa iliyovunjika. Kuirudisha pete mahali pake hutuliza mifupa na kuruhusu damu igande. Kwa sababu hiyo, nyonga haipaswi kutikiswa ili kupima iwapo inacheza, kwani kufanya hivyo huweza kuvunja mabonge yaliyokwisha kuganda.

Mfano wa kubuni utabainisha hoja hii. Dereva wa bodaboda amegongwa na gari barabarani Singe, mjini Babati, na kufikishwa hospitalini baada ya dakika 40. Mapigo ya moyo ni 132 kwa dakika na shinikizo la damu ni 84/50. Anatokwa jasho la baridi na kulalamikia maumivu ya kinena. Wahudumu hawasubiri picha ya eksirei. Magoti yanafungwa pamoja, miguu ikiwa imegeuzwa kwa ndani. Kisha shuka inapitishwa chini ya mwili na kukazwa usawa wa vinundu vya mifupa ya paja vinavyopapasika pembeni mwa nyonga.

Kosa la kawaida ni kuifunga juu zaidi, mahali pa mkanda wa suruali. Hapo shuka haifungi pete ipasavyo, na huzuia uchunguzi wa tumbo. Kukaza kupita kiasi nako huweza kuisogeza mifupa iliyobonyezwa kutoka ubavuni. Inatosha nyonga irejee katika umbo lake. Aidha, eksirei inayopigwa baada ya kufunga huweza kuonyesha pete iliyo sawa ilhali imevunjika.

Wakati huohuo, majeruhi hupewa gramu 1 ya asidi ya traneksamiki kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajali, na damu huagizwa mapema. Maji mengi ya dripu huzimua damu na kudhoofisha ugandaji.

Baada ya dakika 15 shinikizo linafika 98 na mapigo yanashuka hadi 112. Iwapo lingeendelea kushuka ilhali shuka imekaa vizuri, chanzo kingetafutwa kifuani na tumboni kwa ultrasaundi, au kingedhaniwa kuwa ateri, ambayo shuka haiwezi kuidhibiti. Hapo daktari wa upasuaji hujaza vitambaa mbele ya utando wa tumbo. Rufaa ya kwenda Arusha, takriban kilomita 170, bila hatua hiyo na bila damu safarini, huhamishia uvujaji barabarani.